Skrini Inasema 80, Upande wa Dirisha Haushiki

Kwenye printa ya 3D, tabaka la kwanza la plastiki likishika kulia na katikati mwa bedi, lile bamba la moto linalobeba kazi, lakini kushoto likanyanyuka na kuburutwa na nozo, mkono wa fundi huenda moja kwa moja kwenye skrubu ya kona ya kushoto. Anaizungusha kidogo kuinua bedi, anaanza upya, na safari hii linashika. Kazi inaisha vizuri. Anatuma kazi ya pili papo hapo, bedi ikiwa bado ya moto, na sasa nozo inakwaruza upande uleule uliokuwa ukinyanyuka. Anairudisha skrubu. Kesho yake asubuhi tatizo la kwanza limerudi.

Skrubu haina kosa hapo. Fundi anasawazisha bedi ambayo bado haijatulia, kwa hiyo kila anapoishika inakuwa na umbo tofauti na la mara iliyopita. Na kwetu huku Mwanza, hasa kwenye karakana zilizo karibu na maji, kuna sababu ya pili inayojificha nyuma ya hiyo: upepo wa ziwani unaoingia dirishani mchana na kupoza upande mmoja wa bedi. Sababu hizo mbili huonekana kama kitu kimoja kwa sababu zote huharibu tabaka la kwanza upande mmoja, lakini dawa zake ni tofauti. Ndiyo maana inafaa kuzitenganisha kabla ya kugusa chochote.

Tuanze na ile namba ya kwenye skrini. Printa nyingi za mezani zina sensa moja tu ya joto la bedi, nayo imebandikwa chini ya bamba la alumini, karibu na katikati, ikigusana na hita au ikiwa jirani nayo kabisa. Skrini ikisema 80, maana yake ni kwamba pale chini, mahali pale pamoja, pamefika nyuzi 80. Plastiki haikai pale. Inakaa juu, na kati yake na sensa kuna alumini, kisha gundi, kisha karatasi ya sumaku, kisha bati la chuma lenye utando wa plastiki ya PEI. Alumini hupitisha joto haraka sana. Karatasi ya sumaku ni mpira uliochanganywa na unga wa sumaku, na mpira hauna haraka. Kama badala ya bati unatumia kioo cha dirisha ulichokatiwa na fundi wa vioo, basi safari ya joto ni ndefu zaidi, maana kioo cha milimita nne hupitisha joto polepole mno ukilinganisha na alumini, na mara nyingi chini yake kuna kijinafasi cha hewa.

Kwa hiyo mashine inapopiga mlio kwamba bedi iko tayari, uso wa juu unaweza kuwa nyuma kwa nyuzi kumi hivi. Pengo hilo hupungua kadiri dakika zinavyokwenda, lakini haliishi kabisa, kwa sababu uso wa juu unapoteza joto hewani wakati wote. Ni kama wali uliopaliliwa: maji yamekauka na moto umepunguzwa, lakini bado unahitaji muda wake ndani ya sufuria ili punje za juu ziive sawa na za chini.

Hilo ni la juu na chini. Kuna pia la katikati na pembeni. Ukingo wa bedi hupoteza joto kwa pande zaidi kuliko katikati, na nyaya za hita kwa kawaida haziendi hadi mwisho kabisa wa bamba. Bedi ya wazi isiyo na boksi, hata ikiachwa muda wa kutosha, itakuwa na katikati yenye joto na kingo zilizopoa kwa nyuzi kadhaa. Mahali pasipo na upepo kingo zote hupoa karibu sawa, na tatizo hutokea pembe zote, si upande mmoja. Tatizo likishika upande mmoja, tafuta kinachoupoza upande huo peke yake.

Watu wa Kirumba, Capri Point au Bwiru hawahitaji kutafuta mbali. Nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa iliyo juu yake hupanda, na hewa ya ziwani huja kujaza nafasi. Ndiyo maana asubuhi huwa shwari na kuanzia mchana upepo hutoka majini. Usiku mambo hugeuka, bara hupoa haraka na hewa huelekea ziwani. Upepo mwepesi tu, ule unaotikisa pazia, unaweza kuongeza mara mbili au zaidi kasi ya uso wa bedi kupoteza joto ikilinganishwa na hewa iliyotulia. Hita inajitahidi, lakini inamsikiliza sensa aliye katikati, naye sensa hajui kwamba kushoto kuna dirisha. Fundi anayesema mashine yake inafanya vizuri asubuhi na kukataa alasiri anaeleza jambo la kweli kabisa.

Sasa tuje kwenye umbo, ambalo ndilo linalopotosha watu zaidi.

Alumini hutanuka kwa takriban milimita 0.023 kwa kila mita moja na kila nyuzi moja ya joto. Chukua bamba la upana wa milimita 235, lipashe kutoka nyuzi 27 za chumbani hadi 80. Litaongezeka upana kwa karibu milimita 0.29. Inaonekana ndogo, lakini tabaka la kwanza lenyewe ni milimita 0.2. Sehemu ya kutanuka huko humezwa na springi na kijinafasi cha matundu ya skrubu. Inayobaki huligeuza bamba kuwa na mgongo au bonde, kwa sababu limebanwa kwenye kona nne na haliwezi kwenda pembeni kwa uhuru. Tena katikati hutangulia kupata joto, kwa hiyo hutaka kutanuka wakati kingo bado zimekaa vilevile. Katika dakika za mwanzo bedi inajikunja hivi, na kingo zikishapata joto inajinyoosha kidogo au kujikunja vingine. Vyuma vinavyoibeba bedi na vile vinavyobeba nozo navyo vinapata joto taratibu na kusogea.

Utasema mashine ina sensa ya kupima mwinuko wa bedi, kwa hiyo itasahihisha yenyewe. Itasahihisha ilichokipima. Sensa inapopima alama 25 huenda safu kwa safu, kwa kawaida kuanzia mbele kuelekea nyuma, na kazi hiyo huchukua dakika moja au mbili, wakati mwingine zaidi. Ukiianzisha mara tu skrini inapofika 80, bedi inaendelea kubadilika umbo huku ikipimwa. Safu ya mbele imepimwa mapema, ikiwa na umbo ambalo halitakuwepo tena nozo itakapofika. Safu ya nyuma imepimwa mwisho, kwa hiyo iko karibu zaidi na ukweli. Ramani inayopatikana ina mwinamo ambao bedi haina. Mashine inautii, na upande mmoja unapata tabaka lililo juu mno au lililokandamizwa. Ramani iliyopimwa bedi ikiwa baridi na kuhifadhiwa, kisha ikaitwa kila siku kwa amri ya `M420 S1`, ina tatizo hilohilo kwa kiwango kikubwa zaidi.

Tofauti kati ya ubaridi na umbo unaweza kuisoma kwenye plastiki yenyewe, bila kifaa chochote zaidi ya jicho na ukucha. Simamisha kazi tabaka la kwanza likiisha, uangalie mistari ya upande mbovu. Kama mistari ni ya mviringo kama tambi, haijagusana, na ukiiinua kwenye mwanga unaona nafasi kati ya mmoja na mwingine, nozo ilikuwa juu mno pale. Hilo ni umbo. Kama mistari imebanwa vizuri, imeungana ikawa karatasi moja safi, lakini ukiingiza ukucha inabanduka yote bila ukinzani, urefu ulikuwa sahihi ila uso ulikuwa wa baridi. Dalili nyingine ya ubaridi ni kona zinazoshika mwanzoni kisha zinanyanyuka tabaka la tatu au la nne. Nozo ikiwa chini mno utaona mistari myembamba inayopenya mwanga, yenye matuta ya plastiki kando kando.

Kabla ya hapo, ondoa uwezekano wa uchafu. Geuza bati la chuma nusu mzunguko na uchapishe faili lilelile. Kasoro ikihama pamoja na bati, ni mafuta ya vidole au utando uliochakaa, ukalioshe kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo. Ikibaki upande uleule wa mashine, endelea.

Tazama jinsi hali hizi zilivyojitokeza pamoja kwenye karakana moja ya Kirumba, si mbali na soko la samaki la Mwaloni. Printa ni ya wazi, bedi ya milimita 235 kwa 235, na kazi ni sindano za kushonea nyavu kwa plastiki ya PETG. Kila sindano ina urefu wa sentimita 18 na upana wa 2, na zilipangwa nane sambamba kutoka kushoto hadi kulia, ncha zikitazama mbele. Dirisha liko kushoto, linatazama majini. Malalamiko ya fundi yalikuwa kwamba sindano ya kwanza, iliyo karibu na dirisha, hubanduka karibu kila alasiri, na ncha za zile nyingine hutoka chafu. Alishazungusha skrubu za kushoto mpaka springi moja ikakaribia kulegea yote.

Tabaka la kwanza lilisimamishwa na kuangaliwa. Sindano ya kwanza ilikuwa imebanwa vizuri kwa urefu wake wote, lakini ilibanduka kwa kuivuta kwa vidole viwili. Ncha za mbele za sindano zote nane, hata zile za kulia kabisa, zilikuwa na mistari ya mviringo yenye nafasi katikati. Hizo ni kasoro mbili. Kushoto palikuwa baridi, na mbele palikuwa na urefu usio sahihi. Skrubu alizokuwa akizungusha zilikuwa zinajaribu kutibu zote mbili kwa pamoja, nazo hazikuwa na uwezo wa kutibu hata moja.

Joto lilipimwa kwa waya wa themokapo uliobandikwa juu ya bati kwa tepu inayostahimili joto. Bunduki ya kupima joto kwa miale ingefaa pia, ila kwenye uso unaong'aa husoma chini ya ukweli, kwa hiyo bandika kwanza vipande vya tepu ya karatasi ile ya wapaka rangi na upime juu yake. Skrini ilipofika 80, katikati palisoma 69, kulia 65 na kushoto 60. Baada ya robo saa, katikati pakawa 77, kulia 73 na kushoto 68. Kusubiri kulipandisha pande zote kwa nyuzi nane, lakini pengo la nyuzi tano kati ya kushoto na kulia halikusogea. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba muda peke yake hautamaliza kazi. Pengo linalobaki baada ya bedi kutulia haliletwi na haraka, linaletwa na kitu kinachoendelea kupoza.

Kipande cha boksi la katoni kilisimamishwa kati ya dirisha na mashine, mbali na bedi na mkanda wake, bila kuziba feni ya pawa saplai. Baada ya dakika kumi hivi kushoto kulisoma 73, sawa na kulia. Dirisha lingeweza kufungwa, bila shaka, lakini chumba cha kazi Mwanza mchana bila dirisha hakikaliki, na katoni inatosha. Jambo la kuangalia ni kutowahi kuweka katoni wala godoro chini ya bedi kwa nia ya kuhifadhi joto. Chini kule kuna hita na nyaya, na hiyo ni njia ya moto.

Kwa upande wa umbo, ramani ya bedi ilipimwa mara mbili bila kugusa skrubu, mara ya kwanza skrini ilipofika 80 na mara ya pili robo saa baadaye. Safu ya nyuma ilitofautiana kwa milimita 0.02, ambayo si ya kuhangaikia. Safu ya mbele ilikuwa imeshuka kwa 0.07. Kwenye tabaka la milimita 0.2 hiyo ni theluthi nzima, na inaeleza zile ncha za tambi. Kipimo hiki cha ramani mbili ndicho ningemshauri kila mwenye mashine akifanye mara moja, kisha arudie kila dakika tano mpaka ramani mbili zinazofuatana zifanane. Huo ndio muda ambao bedi yako inahitaji. Bati la chuma juu ya alumini nyembamba kwenye mashine ya wazi mara nyingi hutulia kwa dakika kumi hadi kumi na tano. Kioo huhitaji zaidi. Mashine iliyofungwa kwenye boksi kwa ajili ya plastiki ya ABS, bedi ikiwa 100 au 110, inaweza kutaka saa nzima, kwa sababu pale si bedi tu inayopata joto bali fremu yote.

Kusubiri kukawekwa kwenye faili la kuanzia la slaisa, programu inayogeuza mchoro kuwa amri za mashine, ili kusitegemee kumbukumbu ya mtu. Kwa mashine inayoendeshwa na programu ya Marlin inatosha hivi:

```
M140 S80   ; washa bedi
M104 S150  ; nozo vuguvugu tu
M190 S80   ; subiri bedi ifike
G4 S900    ; iache itulie, sekunde 900
G28        ; tafuta sifuri sasa
G29        ; pima ramani ya bedi
M109 S240  ; nozo hadi joto la PETG
```

Mpangilio huo una maana. `G28` imekuja baada ya kusubiri kwa sababu sifuri ya urefu nayo husogea bedi na fremu zikipata joto, na kwa sababu motaa zinaweza kuzimika zenyewe wakati wa kusubiri na kupoteza nafasi. Nozo imeachwa 150 ili PETG isichuruzike wala kuungua ndani kwa robo saa nzima. Kwenye programu ya Klipper amri ya kusubiri huhesabu milisekunde, yaani `G4 P900000`, na kupima ramani ni `BED_MESH_CALIBRATE`. Wanaohofia umeme wa LUKU wapige hesabu: hita ya wati 220 ikiwaka robo saa bila kupumzika hutumia uniti 0.055. Sindano moja iliyobanduka baada ya saa moja imeshakula zaidi ya hapo, pamoja na plastiki yake. Na umeme ukikatika katikati ya maandalizi, hesabu inaanza upya, hata kama skrini inarudi 80 upesi.

Fundi aliuliza, "Kaka, kwa nini nisipandishe tu bedi iwe 90, kushoto kufike 78?" Swali ni zuri, na kwa nyuzi mbili tatu jibu ni ndiyo, pandisha. Kwa kumi hapana. PETG hulegea inapokaribia nyuzi 80. Kwenye bedi ya 90, sindano za katikati zinakaa juu ya nyuzi 87, na tabaka zake za chini hubaki laini na kuvimba kwa pembeni chini ya uzito wa zile za juu. Kwenye bati laini la PEI huweza pia kushika kupita kiasi na kuondoka na kipande cha utando. Utakuwa umeponya sindano moja ya pembeni kwa gharama ya zile zilizokuwa nzima.

Kilichofanyika mwishowe ni kurudisha skrubu zote nne hadi springi zikabanwa sawa, kuleveli upya bedi ikiwa moto na imetulia, katoni kusimama kila mchana, na bedi kuwekwa 83. Ncha zote zilitoka zimebanwa sawasawa. Sindano ya kwanza ilishika mwili mzima, isipokuwa kona yake ya nje ambayo bado ilinyanyuka kidogo siku za upepo mkali. Pale, sentimita moja na nusu kutoka ukingoni, hita haifiki vizuri na hakuna muda wa kusubiri utakaobadilisha hilo kwenye bedi ya wazi. Wakaiondoa sindano ya nane, wakazisogeza saba zilizobaki katikati, zikiacha karibu sentimita tatu kila upande.